Dagaa, omena, mukene: karuseli moja isomeke vipi Magu, Kisumu, Kampala na Goma?

Umetengeneza karuseli yako safi, zile picha za kutelezesha kwa kidole, kadi sita za kuuza dagaa wa Magu. Kadi ya mwisho umeandika kwa herufi kubwa: SAMBAZA.

Kwako wewe wa Mwanza maana yake iko wazi: mtumie na mwenzako aone. Lakini mtu wa Goma au Bukavu akisoma neno hilohilo anaweza kuwaza samaki. Kule Ziwa Kivu, sambaza ni jina la samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuuzwa sokoni kama sisi tunavyouza dagaa. Sasa umemwonyesha kadi tano za dagaa, halafu ya sita ukamwandikia jina la samaki mwingine.

Na mtu wa Kisumu? Huyo kwanza atakumbuka salio la simu. Kenya, Sambaza ni jina la huduma ya Safaricom ya kumrushia mtu salio. Maana ya kawaida ya kusambaza anaijua, ila neno likikaa peke yake kwenye kadi, la salio ndilo linaloanza kumjia.

Neno moja, nchi tatu, maana tatu, na hakuna aliyekosea Kiswahili. Ndiyo maana kusema "niliandika Kiswahili sanifu" hakutoshi ukitaka karuseli moja ifanye kazi kote kuzunguka ziwa.

Kwa nini Magu hili linatuhusu

Magu ipo kwenye Ghuba ya Speke, na barabara inayopita mjini inatoka Mwanza kwenda Bunda, Musoma mpaka mpakani Sirari. Ukivuka pale uko Kenya. Upande wa pili, soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza linapokea wanunuzi wa dagaa wanaotoka mpaka Kongo. Kwa hiyo muuzaji wa dagaa wa huku hahitaji kuota soko la nje, tayari lipo kwenye simu yake. Shida inakuja akianza kuliandikia.

Samaki mwenyewe ni yuleyule mdogo wa rangi ya fedha. Tanzania tunamwita dagaa, Kenya ni omena, Uganda ni mukene. Sangara naye akivuka anaitwa mbuta Kenya na mputa Uganda. Sato wetu, ukisema sato Kisumu huenda usieleweke mpaka useme ngege au tilapia.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Neno dagaa lenyewe sio la samaki mmoja. Mtu wa Kigoma akisema dagaa anamaanisha wale wa Ziwa Tanganyika, ambao ni samaki wengine kabisa, na ladha yake wanunuzi wanaijua. Ng'ambo ya ziwa hilo, Uvira na Kalemie, wanaitwa ndagala. Kwa hiyo mnunuzi wa Kongo anaweza kuona tangazo lako la "dagaa bora", akawaza ndagala wake aliowazoea, akaagiza gunia, halafu akafungua na kukuta kitu kingine. Hapo tena hatukugombana kwa lugha, ni pesa ya mtu.

Dawa yake ni maneno manne tu: dagaa wa Ziwa Viktoria. Usiyaache hata kama yanakula nafasi.

Kadi haibadiliki, maelezo yanabadilika

Kabla ya kuchagua maneno, elewa chombo unachotumia. Kwenye Instagram, ukishapandisha karuseli huwezi kubadilisha picha iliyomo. Unaweza kuifuta kadi moja, lakini huwezi kurekebisha neno lililoandikwa ndani yake. Maelezo ya chini ya picha ndiyo unayoweza kuyahariri muda wowote.

Hii inakupa mgawanyo mzuri wa kazi. Ndani ya picha weka maneno unayojua hayatakusumbua nchi yoyote. Yale yenye ubishi, majina ya kienyeji, bei na namna ya usafiri, yapeleke kwenye maelezo. Mtu wa Homa Bay akikwambia "hapa hatusemi hivyo", unarekebisha kwa dakika moja, na kadi zako zinabaki vilevile pamoja na maoni yote ya watu.

Maelezo yana faida nyingine: mtu anayetafuta anaandika jina la kwao. Wa Kenya haandiki dagaa kwenye sehemu ya kutafuta, anaandika omena. Kama neno omena halipo popote kwenye maelezo yako, umejificha mwenyewe. Mstari wa kwanza wa maelezo uwe hivi:

```
Dagaa (omena, mukene) wa Ziwa Viktoria
#dagaa #omena #mukene
```

Uweke mwanzoni, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo hukatwa mpaka msomaji abonyeze kuendelea.

Tuipitie karuseli yenyewe

Tuseme kuna mama anayeanika dagaa mwaloni, wilayani Magu, na ana kijana wa kumsaidia na simu. Rasimu yao ya kwanza, kwa Kiswahili cha huku kwetu, ni hii:

Kadi 1: Mzigo mpya umefika! Dagaa wa kichanja.
Kadi 2: Tunapokea mwaloni, tunaanika siku hiyohiyo.
Kadi 3: Dagaa zetu hazina mchanga.
Kadi 4: Ziunge kama alivyokuwa anaunga bibi.
Kadi 5: Sado moja shilingi elfu kadhaa. Weka oda.
Kadi 6: Sambaza.

Kwa mtu wa Nyamagana haina kasoro hata moja. Sasa ivushe mpaka.

"Mzigo mpya umefika" ni lugha ya biashara ya Tanzania. Kwingine mzigo ni kitu kizito unachobeba, au begi la msafiri. Tukiandika "Samaki wapya wamefika" hakuna wa kuuliza.

"Kichanja" ndilo neno lenye uzito kwenye tangazo hili zima, kwa sababu ndilo linaloeleza ubora. Dagaa waliokaushwa juu ya kichanja, hewa ikipita chini na juu, hukauka vizuri na hawaokoti mchanga kama wale waliomwagwa chini ufukweni. Mnunuzi wa Mwanza analijua hilo na yuko tayari kulipa zaidi. Lakini asiyelijua neno anaweza hata kuwaza kuchanjwa sindano. Kulifuta ni hasara, kwani ndiyo sifa yako. Hapa picha ifanye kazi: piga kichanja chenyewe kwa ubavuni, ionekane miguu ya miti, wavu na dagaa juu. Halafu andika: "Wamekaushwa juu ya kichanja, hawakugusa mchanga." Asiyejua neno anaona kitu, na nusu ya pili ya sentensi inamweleza faida yake.

Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Neno la kwenu likibeba maana ya biashara, usilifukuze. Liweke mahali ambapo picha na sentensi vinalishika mkono.

"Mwaloni" ni rahisi zaidi. Uganda watalitambua, maana kwa Kiganda nako ni omwalo. Kenya wengi husema bichi, hata kwenye maandishi ya vikundi vya wavuvi. Hapa sioni sababu ya kung'ang'ania, kwani mnunuzi hanunui mwalo. "Tunawapokea ziwani asubuhi" inatosha kila mahali.

Angalia pia kwamba sikuandika saa. Goma na Bukavu ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa kadi inayoeleza kazi tu, "asubuhi" inatosha. Ukiwa na muda kamili wa gari kuondoka, huo uende kwenye maelezo, na useme ni saa za Tanzania.

Ngeli nazo zinavuka mpaka vibaya

Kadi ya tatu ina tatizo ambalo hata walimu hubishana: "dagaa zetu hazina" au "dagaa wetu hawana"? Ukienda sokoni utasikia zote mbili. Kenya mitaani utasikia "omena imekauka" kama kitu kimoja, na Kiswahili cha Kongo kina upatanisho wake tofauti kabisa.

Wengine hujaribu ujanja: wanaandika kadi moja, halafu wanabadilisha jina tu, dagaa kwa omena, omena kwa mukene, wanapata matoleo matatu. Jina linabadilika lakini sentensi nzima inabaki na harufu ya nchi ya kwanza. Mtu wa Kisumu anaona omena, halafu neno linalofuata linamwambia kwamba mwandishi sio wa kwao.

Njia nyepesi ni kuiachia sentensi neno samaki. "Samaki hawa hawana mchanga" haimkwazi mtu yeyote kuanzia Mombasa mpaka Kalemie. Jina la kienyeji linakaa peke yake juu kama kichwa, halitawali kitenzi chochote. Unaona jinsi inavyokaa:

Kichwa: DAGAA · OMENA · MUKENE
Chini yake: Samaki hawa wamekauka vizuri, hawana mchanga.

Majina matatu yaandikwe mara moja au mbili, basi. Nimeona kadi zinazorudia mkwaju huo, "dagaa/omena/mukene", kwenye kila picha, na zinasomeka kama fomu ya forodha. Weka kadi ya kwanza, na ikibidi ya pili, kwa sababu mtu akiipita karuseli bila kuifungua, Instagram inaweza kumrudishia baadaye ikianzia kadi ya pili. Baada ya hapo samaki ni samaki.

Bibi wa nani?

Kadi ya nne ndiyo inayochekesha. Tanzania bibi ni mama yake mama au mama yake baba. Kenya, kwa mazungumzo ya kawaida, bibi ni mke, na yule mzee anaitwa nyanya. Kwa hiyo "kama alivyokuwa anaunga bibi" mwanaume wa Kisumu anaweza kusoma kama habari za mke wake, tena kwa wakati uliopita. Utamfanya aulize mke kaenda wapi.

Ukikimbilia nyanya ili kumridhisha, Mtanzania ataona tunda la mchuzi. Na kwenye mapishi ya dagaa hilo tunda lipo kweli, kwa hiyo umechanganya zaidi. Mama anaeleweka kote. "Kama alivyopika mama" inabeba hisia ileile ya nyumbani.

"Kuunga" nako ni kwetu. Sisi tukisema unga dagaa tunajua ni kitunguu, nyanya, mafuta kidogo, mpaka viive pamoja. Mwingine atafikiria kuunganisha vitu. Andika kitendo chenyewe: "Pika na kitunguu na nyanya." Picha ya sufuria itamaliza.

Ukitaka kuongeza chakula cha kulia nacho, ugali unatosha ukiwa umeonekana kwenye sahani. Uganda wanauita posho, na Kongo utasikia bugali au bukari. Ila usije ukaandika "posho" kwenye kadi ya wote, maana kwa Mtanzania posho ni hela ya kikao.

Shilingi ni ya nani, na namba ni ya nani

Kwenye kadi ya tano maneno yote yanaeleweka, na ndiyo maana ni ya hatari. Nchi tatu za ziwa hili zote zinatumia shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini hivi za Tanzania. Ukiandika "shilingi 5,000" bila kusema ya nani, mtu wa Migori anaona bei ya kutisha na anapita. Hatakuuliza. Andika TSh, KSh au USh mbele ya namba, na bei iwe kwenye maelezo ambako unaweza kuibadilisha, kwa sababu dagaa hupanda na kushuka kufuatana na mwezi na mvua.

Sado ni kipimo chetu cha kopo. Kenya wana gorogoro, nayo ni kopo, lakini sio kopo lile. Halafu dagaa waliokauka sana na walionyauka tu wanajaza kopo moja kwa uzito tofauti. Pima kwa mizani, andika kilo. Kama wateja wako wa Magu wamezoea sado, wauzie sado, ila kwenye karuseli inayovuka mpaka iwe kilo.

Na namba ya simu. Tunazoea kuandika 07 na kuendelea. Kenya nako namba zinaanza na 07, Uganda vilevile, na zote zina tarakimu kumi. Mtu wa Kenya akiipiga namba yako kama ulivyoiandika, simu inaweza kuita kwa Mkenya mwingine kabisa ambaye hajui dagaa wako. Andika kwa +255 na uondoe sifuri ya mbele.

"Weka oda" ibadilishe iwe "Tuma ujumbe kuagiza." Na kwa kadi ya mwisho, badala ya sambaza, "Mtumie rafiki".

Basi karuseli imefika hapa:

Kadi 1: DAGAA · OMENA · MUKENE. Samaki wapya wa Ziwa Viktoria.
Kadi 2: Tunawapokea ziwani asubuhi, tunawaanika siku hiyohiyo. (Majina matatu yaonekane tena, kwa herufi ndogo.)
Kadi 3: Wamekaushwa juu ya kichanja, hawakugusa mchanga.
Kadi 4: Pika na kitunguu na nyanya, kama alivyopika mama.
Kadi 5: Tunauza kwa kilo. Tuma ujumbe kuagiza. (Namba yenye +255.)
Kadi 6: Mtumie rafiki.

Kichanja kimebaki, na ladha ya Magu imebaki. Hatujaandika Kiswahili cha redio wala hatujaiga Sheng ya Nairobi. Kuiga Sheng ni kosa kubwa kuliko kutumia neno la kwenu, kwa sababu Sheng inabadilika haraka na wenyewe wanamjua mgeni kwa sentensi moja.

Jaribu kabla hujapandisha

Tuma kadi kwa WhatsApp, kama picha, kwa mtu mmoja wa kila nchi unayoilenga. Dereva wa gari la Sirari, mteja wa zamani wa Kongo, ndugu aliyeolewa Busia, yeyote. Usimuulize "umeelewa?" maana kwa adabu zetu jibu ni ndiyo hata kama hajaelewa. Mwambie: "Nieleze kwa maneno yako kadi ya tatu inasema nini." Halafu: "Wewe ungeisemaje?" Jibu la pili ndilo linalokupa neno lao, na mara nyingi ndilo la kuweka kwenye maelezo.

Ukishapandisha, soma maswali. Mtu akiuliza "bei gani?" tangazo limeeleweka. Akiuliza "hii ni nini?" au "ni omena ama?" jina halijaonekana vya kutosha kwenye kadi ya kwanza. Akiuliza "ni za Kigoma?" ongeza herufi kwenye maneno Ziwa Viktoria. Wakianza kubishana wenyewe kwa wenyewe jina gani ni sahihi, waache, ila usichukue upande.

Kuna mahali karuseli moja haitoshi. Uganda, serikali iliamua mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni, lakini wanunuzi wengi wa leo shule walishamaliza. Wanaelewa cha kuongea sokoni, kusoma ni jambo jingine. Kama mauzo yako makubwa yako Kampala, mtafute mtu akuandikie toleo la Kiganda. Na Kongo, mtu anayeongea Kiswahili siku nzima huenda shuleni alijifunza kusoma kwa Kifaransa, kwa hiyo sentensi fupi zenye picha zitamfikia, na ujumbe wa sauti WhatsApp utamfikia zaidi.

Pia kama bei, usafiri na masharti vinatofautiana kwa kila nchi, tengeneza kadi ya tano tofauti kwa kila moja na uache zile tano nyingine zilivyo. Kazi yake ni nusu saa, kwa sababu maneno yote magumu umeshayatoa.